YAH: Malalamiko kuhusu kitambaa cha gamu kinachoachia kola na kafu baada ya kufuliwa

Meneja Mauzo,
Duka la Jumla la Vifaa vya Ushonaji,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Nashona mashati hapa Majengo, Moshi, na kwa zaidi ya miaka sita nimekuwa nikinunua kwenu kitambaa cha gamu cha kukazia kola. Miezi miwili iliyopita nilichukua jora moja la mita 50, lebo ileile ya siku zote iliyoandikwa “kwa mashati”, bei ileile. Nikalitumia kushona mashati 48 meupe ya poplini kwa ajili ya kwaya ya usharika wetu. Siku ya kwanza yalipendeza. Hadi leo mashati 31 yamerudishwa kwangu, mengi baada ya kufuliwa mara ya pili tu. Kola zimeota malengelenge, na kafu zimejikunja kama karatasi iliyolowa ikaanikwa. Mimi mwenyewe naimba sauti ya pili, kwa hiyo kola hizo naziona kila Jumapili kwenye shingo za wenzangu.

Nilipopiga simu, kijana wenu wa mauzo aliniuliza kama nilibandika kwa pasi ya mkaa. Swali lenyewe si baya, ingawa namna alivyouliza sikuipenda. Ni kweli kwamba pasi ya mkono huharibu kola nyingi: joto lake halijulikani, fundi anaitelezesha badala ya kuikandamiza, na gamu inashika huku ikiacha kule. Lakini mimi nabandika kwa mashine ya joto ile ya kuchapia picha kwenye fulana, yenye saa ya joto na saa ya sekunde. Jora zenu zote za nyuma nilizibandika kwa nyuzi joto 160, sekunde 15, mkandamizo wa nguvu, kisha naacha kipande kipoe kikiwa bapa kabla ya kukigusa. Hata hili nilibandika hivyohivyo.

Kwa kuwa nilikuwa na kipande cha jora la mwaka jana kimebaki, niliamua kuyashindanisha yote mawili juu ya poplini moja. Nilikata vipande vya upana wa sentimita 5, nikavibandika pamoja kwa mpigo mmoja wa mashine, na kwenye kila kipande nikaacha ncha moja bila kubandika. Vilipopoa nilifunga poplini ya ncha ile juu ya msumari, na kwenye gamu nikaning’iniza chupa ya maji. Kipande cha zamani kilibeba chupa ya lita 1 bila kuachia. Cha sasa kilibanduka polepole kwa chupa ya nusu lita, hata maji hayajakigusa. Nilipokiangalia mwangani niliona sababu. Vidoto vya gamu havikuwepo tena. Vilikuwa vimeyeyuka mno, vikanywewa na kitambaa chenyewe, na sehemu nyingine vimepenya poplini na kuacha madoa yanayong’aa usoni. Kati ya vitambaa viwili kulikuwa kumebaki gamu kidogo sana.

Hapo nikashuka na joto. Gamu ya zamani ilianza kushika nilipofika karibu na nyuzi joto 135. Ya sasa ilikuwa imeshashika kwenye 115. Ndugu Meneja, hiyo si gamu ileile. Gamu ya kola za mashati huwa ni polietilini nzito, jamii ya plastiki ya madumu na ndoo. Inahitaji joto kubwa na mkandamizo wa nguvu kwa sababu ikiyeyuka ni nzito kama uji wa dona, na ndiyo maana inabaki pale ilipowekwa. Mlichoniuzia kina tabia ya polietilini nyepesi, jamii ya nailoni laini za kufunikia miche. Inayeyuka mapema na kutiririka upesi. Kuibandika ni rahisi na mashine haihitaji kuwa na nguvu, lakini si ya nguo inayofuliwa kwa maji ya moto na kupigwa pasi kali kila wiki.

Mnaweza kusema ningepunguza joto. Nilijaribu hilo pia: nyuzi joto 125, sekunde 15. Kikiwa kikavu kilibeba chupa ya lita 1 vizuri, na kama ningeishia hapo ningewaomba radhi. Nikakifua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikakianika, nikakipiga pasi kama anavyofanya mama yeyote Jumamosi jioni. Malengelenge yakatoka. Pasi ya pamba ina joto kubwa kuliko lile la kubandikia, kwa hiyo gamu ile inalainika upya chini ya pasi bila mkandamizo wa kuirudisha mahali pake.

Halafu kuna kitambaa chenyewe kilichobeba gamu. Nilichora mstari wa sentimita 20 juu ya kila kitambaa, bila kubandika, nikavifua vyote. Poplini ilirudi milimita 2. Gamu ya mwaka jana ilirudi milimita 1. Ya sasa ilirudi milimita 7. Sasa pigeni hesabu kwenye kola ya sentimita 40: cha ndani kinapungua milimita 14, poplini ya juu inapungua milimita 4. Sentimita 1 nzima ya poplini haina pa kwenda. Gamu ngumu ingeizuia kidogo, kola ingejipinda lakini isiachie. Gamu laini inaachia, na poplini iliyozidi inavimba juu. Mtu akipiga pasi, lengelenge linalala kwa siku moja, kisha likifuliwa linaamka. Kwa hiyo kola haiponi kwa kubandikwa upya. Ni kufumua na kushona nyingine.

Kosa langu nalikubali: jora jipya lilipofika sikufua sampuli kwanza. Niliamini lebo. (Juzi nilifumua kola ya shati la mitumba nililonunua Kiboriloni, limechakaa hadi kwenye mkunjo, na gamu ya ndani bado imeng’ang’ania hadi ikanichania kitambaa. Iliniuma.)

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie bei ya jora, shilingi 125,000. Mlipe ufundi wa kubadilisha kola na kafu za mashati 48 kwa shilingi 3,000 kila moja, yaani 144,000, na poplini mita 9, shilingi 36,000. Jumla ni shilingi 305,000. Nimehesabu yote 48 kwa sababu yale 17 ambayo hayajarudi yametoka kwenye jora hilohilo, ni suala la kufuliwa tu. Pia ondoeni maneno “kwa mashati” kwenye jora hizo, na anayenunua aelezwe aina ya gamu, joto, sekunde na kiasi kitambaa kinachorudi. Kwa vitu visivyofuliwa sana, mfano mkanda wa pazia, kitambaa hicho bado kina kazi.

Mita 38 zilizobaki sijazigusa. Vipande vya majaribio nimeviandika kwa kalamu kimoja kimoja na kuviweka kwenye bahasha pamoja na risiti yenu. Mnaweza kumtuma mtu karakana siku yoyote ya kazi. Mashine itakuwa imewashwa, na chupa za maji zipo.

Wako katika biashara,

Fundi Mkuu,
Karakana ya mashati,
Majengo, Moshi.