Barua kwa Rehema kuhusu samansi yenye ukurasa uliofifia

7 Machi 2025

Rehema ndugu yangu,

Salamu nyingi. Picha zako mbili nimezipata jana usiku, na nikakaa nazo mpaka macho yakauma. Ukurasa wa kwanza unasomeka vizuri. Wa pili umefifia kabisa, na kwa bahati mbaya ndio wenye zile siku ulizopewa kujibu. Usilie, na karatasi hiyo usiitie kabatini. Samansi iliyofifia bado ni samansi, na siku zako zinakwenda.

Nianze na ukurasa wa kwanza. Juu kabisa pana jina la mahakama, na chini yake namba ya shauri. Namba hiyo iandike mahali pengine leo hii, na mwaka wake pia, kwa kuwa masjala watakuuliza hiyo kabla ya kukuuliza jina. Kisha yapo majina mawili: mdai, yaani aliyefungua shauri, na mdaiwa, ambaye ni wewe. Angalia jina lako limeandikwaje. Likiwa na kosa dogo la herufi, usidhani limekuokoa. Makosa ya namna hiyo mahakama huyasahihisha na shauri likaendelea. Nyuma ya samansi lazima pawe na karatasi nyingine, hati ya madai, inayoeleza unadaiwa nini na kwa sababu gani. Kwenye picha zako sijaiona. Kama hukupewa, hilo ni jambo la kuwaambia masjala siku hiyo hiyo utakapofika, maana huwezi kujibu madai usiyoyasoma.

Sasa tarehe. Kwenye karatasi yako nimeona mbili, na kuna ya tatu ambayo haijaandikwa popote. Tarehe 24 Februari ni siku samansi ilipotolewa na mahakama. Tarehe 15 Aprili ni siku ya shauri kutajwa. Ya tatu ni Jumatano tarehe 5 Machi, siku tarishi alipokukabidhi mlangoni, na hiyo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kwa kawaida siku za kujibu huhesabiwa tangu ulipopokea, isipokuwa samansi yenyewe iseme vingine. Ukihesabu tangu 24 Februari utajitia hofu bure. Ukisubiri 15 Aprili utaangamia.

Hili la pili nalisema kwa uchungu. Miaka niliyokaa kaunta ya masjala nilimwona mtu mzima akija siku ya kutajwa kwa shauri, kavaa vizuri, majibu yake mkononi yamepigwa chapa. Faili lilikuwa tayari na hukumu ya upande mmoja. Siku za kuwasilisha utetezi zilikwisha wiki tatu kabla, na yeye aliamini kwamba tarehe aliyoiona ukurasa wa kwanza ndiyo siku ya kujibu. Ikabidi aanze kuomba hukumu itenguliwe, aeleze kwa kiapo kwa nini alichelewa, aonyeshe kwamba ana utetezi wa maana. Majibu yake mazuri yakabaki mkononi.

Turudi kwenye ukurasa wa pili. Nimeukuza mpaka mwisho. Mstari wa tatu unasomeka "ndani ya siku", halafu tarakimu mbili ambazo zimekuwa doa, halafu mabano. Mimi naona 14, nikiinamisha simu naona 21. Ndani ya mabano siku zimerudiwa kwa maneno, na hapo ukungu hauwezi kuficha kila kitu: neno la kwanza kwenye mabano yako ni refu, lina herufi kama nane, na "kumi" lina nne tu. Kwa hiyo nadhani ni "ishirini na moja". Lakini dhana yangu usiijengee nyumba. Mpaka mtu wa mahakama akusomee, jihesabie una siku 14.

Wala usichukue idadi ya siku kwa mtu aliyewahi kushtakiwa kwingine. Tanzania utetezi wa maandishi huwasilishwa ndani ya siku 21 tangu kupokea samansi. Mahakama za shirikisho za Marekani nazo kwa kawaida hutoa siku 21. Kenya kuna hatua mbili: kwanza unaarifu mahakama kwamba umeitika, ndani ya muda ulioandikwa kwenye samansi, kisha una siku 14 za kuwasilisha utetezi. Uingereza na Welisi ni siku 14, zinafika 28 ukiwa umekiri kupokea kwa fomu yake. Ndiyo maana nataka usome karatasi yako, na usome kama inakutaka uitike kwanza au uwasilishe utetezi moja kwa moja.

Kuhesabu kwenyewe ni hivi. Mahali pengi siku uliyopokea haihesabiwi, kwa hiyo Alhamisi tarehe 6 ndiyo siku ya kwanza. Siku ya 14 inaangukia Jumatano tarehe 19 Machi. Siku ya 21 ni Jumatano tarehe 26. Jumamosi na Jumapili za katikati usiziruke. Kwa kawaida zimo ndani ya hesabu. Siku ya mwisho ikiangukia mapumziko, kanuni nyingi huisogeza hadi siku ya kazi inayofuata, lakini zako zote mbili ni Jumatano, hivyo hilo halikusaidii. Na kuwasilisha maana yake ni kupokewa masjala na kugongewa muhuri kabla hawajafunga. Kuandika utetezi siku ile na kuuacha mezani si kuwasilisha.

Leo fanya jambo moja. Tandaza karatasi mezani karibu na dirisha, zima mwanga wa kamera, shika simu ikiwa sambamba na karatasi, piga tena. Nitumie kama faili, usitume kama picha, kwani picha zikipita kwenye WhatsApp hubanwa na herufi ndogo hupotea. Lakini kama karatasi yenyewe ndiyo iliyofifia, yaani nakala ilitolewa kwenye mashine iliyoishiwa wino, hakuna kamera itakayoiponya. Hapo Jumatatu asubuhi nenda masjala na namba ya shauri, uombe kuona samansi iliyomo kwenye faili na upewe nakala inayosomeka. Mwombe karani akuonyeshe pia taarifa ya tarishi, uone ameandika alikukabidhi lini. Akiwa ameandika tarehe 3 badala ya 5, siku zako zinapungua mbili, na lazima ulijue hilo mapema ili ulipinge. Jibu la mdomo lisikutoshe. Toka na nakala.

Kisha mpelekee wakili, au ofisi ya msaada wa kisheria, nakala hiyo pamoja na hati ya madai. Akiona muda hautoshi, aombe nyongeza kabla siku hazijaisha. Ombi la kabla na ombi la baada hayapokelewi kwa jicho moja. La baada linataka sababu nzito, na ukurasa uliofifia utaulizwa kwa nini hukuja kuusomewa.

Bahasha usiitupe. Nyuma ya samansi usiandike chochote, ila kwenye daftari lako andika saa tarishi alipofika na nani mwingine alikuwepo. Jumatatu ukitoka masjala nipigie hapo hapo, unisomee mstari wa tatu.

Wako,
Mwanaidi