Weusi ndani ya sufuria za alumini

Wapishi, habari za jioni. Sufuria za alumini tunazochemshia maji zinaingia weusi kwa sababu maji ya visima hapa Dodoma yana madini mengi. Si uchafu, kwa hiyo msisugue kwa stilwaya; mikwaruzo yake hushika masizi na chakula. Jazeni maji yapite alama nyeusi, wekeni siki vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, yachemke taratibu dakika 15, kisha suuzeni. Magadi msiyaguse kabisa: yanakula alumini yenyewe.

Mchuzi wa nyanya nao usilale humo, uhamishieni kwenye stenlesi. Nonstiki zioshwe kwa sponji laini zikishapoa. Kikaango cha chuma kizito kisilowekwe. Kikausheni motoni, mkipake mafuta kidogo.