Kuondoa mistari ya grafu bila kukatakata mchoro wa penseli

Mteja alituletea mchoro wa kiti alioupiga kwa penseli kwenye karatasi ya grafu yenye miraba ya samawati ya milimita 1. Alitaka kiti kibaki na miraba iondoke. Alikuwa ameshajaribu mwenyewe: alichagua samawati yote, akabonyeza Delete, na miguu ya kiti ikabaki vipande vipande kama mshono uliofumuka.

Tatizo lipo pale penseli inapokatiza mstari wa grafu. Macho yetu yanaona penseli tu, lakini kwa kompyuta hapo pana samawati iliyokoza. Ukichagua samawati kwa pupa, makutano yote yanakwenda nayo.

Tulianza kwa kuskani upya, kwa rangi, kwa 600 dpi. Kwa 300 dpi milimita 1 ni kama pikseli 12, na mstari mwembamba hupata pikseli moja au mbili tu, zilizochanganyika na weupe wa karatasi. Kwa 600 dpi mstari unakuwa na kiini chenye rangi yake halisi.

Kwenye Photoshop tulinakili leya, tukafungua Select > Color Range, Fuzziness, yaani kiwango cha kukubali rangi zinazokaribiana, tukaishusha hadi 20, kisha tukabofya mstari ulio mbali na penseli. Karatasi hizi huwa na mstari mnene zaidi kila baada ya milimita 10, na rangi yake imekoza, kwa hiyo tuliuongeza kwa kubofya huku tumeshika Shift. Kwenye kidirisha cha onyesho, cheupe ndicho kilichochaguliwa. Tazama mguu wa kiti: ukipita wote mweusi, uko salama. Ukiona madoa meupe ndani yake, punguza Fuzziness, au shika Alt ubofye kwenye makutano kuyatoa. Kwa huyu mteja tuliipandisha kidogo kidogo kutoka 20, tukaishia kwenye 35.

Tulijaza nyeupe kwa Edit > Fill. Wengi hupanua uchaguzi kwa pikseli moja kwanza ili kufuta kingo za mistari. Sisi hatupendi, kwa sababu pikseli hiyo hiyo huila penseli pembeni. Ukungu uliobaki tuliuondoa kwa Levels, tukivuta kitelezi cheupe kushoto pole pole. Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu, maana vivuli hafifu vya penseli hupotea pamoja na ukungu. Mwisho tukageuza picha kwa Black & White, na usamawati uliobaki kwenye makutano ukawa kijivu kama penseli yenyewe.

Njia hii haifai kama miraba imechapwa kwa kijivu au nyeusi, au kama ulichora kwa penseli ya samawati. Skani ya nyeusi na nyeupe nayo haisaidii, rangi imeshatupwa. Ndiyo maana tunaomba utuletee karatasi yenyewe, si picha ya simu.