Neno lililosemwa uwanjani

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mama yako na mama mdogo walirushiana maneno mlangoni mtaa mzima ukisikia, leo ni siku ya tano hawasalimiani, na watoto wamekatazwa kuvuka kwenda upande wa pili. Unaniuliza wazee waitwe lini na waanzie wapi. Najua unavyoumia, kwa sababu hao wote wawili ni wako. Nitakusimulia ugomvi wa mama mkubwa wangu na wifi yake, ambao nyumba zao zimepakana. Nilikuwepo tangu neno la kwanza mpaka siku ya kupatana, na nadhani yenu yanafanana na yale.

Kisa chenyewe kilikuwa maji machafu. Huyo wifi, mkaza mjomba wangu, alikuwa akimwaga maji ya kufulia yakateremkia mlangoni kwa mama mkubwa. Mama mkubwa hakumwendea kumwambia. Alichukua ufagio, akamwita mjukuu wake kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu: "Mwanangu, pita huku. Huko kuna watu walizaliwa ufagio haujaletwa duniani." Mtoto alishangaa, maana hakuwa anapita popote. Hapo ndipo magomvi ya namna hii huanzia, kwenye kijembe anachoambiwa mtoto, kuku au ufagio, ili anayelengwa asikie na msemaji awe na pa kukimbilia. Akijibu ataulizwa, "Kwani umesikia jina lako?" Akinyamaza, mtaa utasema limempata. Ndiyo maana mafumbo huumiza kuliko yanavyosikika: humnyima mtu jibu lolote lenye heshima.

Mkaza mjomba alivumilia siku mbili. Siku ya tatu naye alianza kuimba akifua, akijibu fumbo kwa fumbo, na jioni wakawa wamesimama uso kwa uso. Wakatupiana matusi ya nguoni, yale nisiyoweza kukuandikia. Nataka ujue jambo moja kuhusu matusi hayo: kwenye kikao hakuna aliyeyataja. Tusi la nguoni halina habari ndani yake. Kila aliyesikia alijua ni hasira tu, na kesho yake likawa limepoa. Hata wenyewe walikuwa na mpaka. Hakuna aliyemtukania mwenzake mama, kwa sababu watoto wao wana bibi mmoja.

Kilichovunja nyumba kilikuja mwishoni, na kilisemwa kwa sauti ya chini kuliko vyote. Mama mkubwa alisema, "Unanipandishia sauti mimi? Huyo mtoto wako wa mwisho, hospitali alilipa nani?" Uwanja wote ukanyamaza. Mkaza mjomba aliingia ndani akafunga mlango.

Yale yalikuwa masimango, na kwa maoni yangu hayo ndiyo mabaya kuliko matusi yote, kwa sababu ni ya kweli. Jirani asiye ndugu ataishia kukusema uchafu wako au kelele zako, kwa kuwa hayo ndiyo anayoyaona. Ndugu anajua nani alikulipia nini, nani alikulilia kwa nani, na ndoa yako ilikaribia kuvunjika mwaka gani. Uongo ukisemwa hadharani unaweza kukanushwa. Kweli je, utaikanusha vipi? Kwa hiyo utakapokaa na kila mmoja wa mama zako usimuulize ugomvi ulianzia wapi. Muulize ni neno gani lilimfanya aingie ndani, au lilimtoa machozi usiku. Maji yalipewa mfereji ndani ya asubuhi moja, mjomba akachimba mwenyewe, na bado wale wawili hawakusalimiana kwa siku kumi.

Sasa upatanisho. Jioni ile ile kijana mmoja wa ukoo alitaka wapeane mikono hapo hapo, na nilishukuru walipokataa. Mkono uliotolewa wakati koo bado limekauka kwa kelele ni mkono wa kuwafurahisha watazamaji. Lakini msikae sana pia. Kadiri siku zinavyokwenda kila mmoja hupata wa kumwambia "hata ningekuwa mimi nisingekubali," na ugomvi wa watu wawili hugeuka kuwa wa nyumba mbili. Siku tano mlizofikia zinatosha kuanza.

Aliyetupatanisha alikuwa bibi yetu, dada wa marehemu babu. Kwa mama mkubwa ni shangazi, na ndiye aliyekwenda kumposea mjomba mke, hivyo hakuna upande uliomwona wa wenzao. Umri peke yake haufai kitu kama mzee huyo anakula upande mmoja. Bibi alikwenda kwanza kwa mkaza mjomba, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kidonda, akakaa naye tangu mchana mpaka jua kuzama. Siku iliyofuata akaenda kwa mama mkubwa. Hakubeba hata neno moja kutoka nyumba ile kuleta hii. Mama mkubwa alipomuuliza, "Amesema nini?" alijibu, "Nimekuja kukusikiliza wewe." Ukiona msuluhishi wenu anaanza na "mwenzako anasema," mwondoeni kwa adabu, kwa sababu anauendeleza ugomvi kwa mdomo wake.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa bibi. Mjomba alipendekeza wawe wawili tu, aibu isizidi. Bibi akakataa, akawaita majirani watatu waliosikia siku ile. Alisema neno lililosemwa uwanjani halifutwi chumbani. Nilikuja kumwelewa vizuri baadaye: kama mama mkubwa angeomba radhi faraghani, wale waliosikia simango wangebaki nalo, na mkaza mjomba angeendelea kupita mbele yao akiwa mwanamke aliyelipiwa uzazi.

Alifungua kwa dua, kisha akaweka masharti mawili. Kila mmoja aseme hadi amalize bila kukatwa. Na lile neno lisirudiwe. Lingeitwa "neno la mwisho" tu. Sharti la pili ndilo lililotuokoa, kwa sababu nimeona vikao vikivunjika pale mtu anapoombwa arudie aliyoyasema, akayarudia kwa sauti ile ile, na kikawa kipigo cha pili.

Mama mkubwa alianza na ile radhi ya watu wengi: "Kama nimekukosea, nisamehe." Bibi akamzuia. Akasema, "Ondoa kama. Unajua umemkosea." Palikuwa kimya kirefu. Tatizo la mama mkubwa lilikuwa kwamba asingeweza kusema amedanganya. Alikuwa amelipa kweli, na wote walijua. Bibi ndiye aliyemwonyesha njia: huwezi kuirudisha kweli, lakini unaweza kuiacha haki ya kuitaja. Mama mkubwa akamgeukia wifi yake, akasema mbele ya wale majirani watatu, "Kile nilichotoa kilikuwa zawadi kwa mtoto wa kaka yangu. Hakijawahi kuwa deni. Sitakitaja tena, na nikikitaja, ninyi mliopo mniumbue." Mkaza mjomba alilia, kisha naye akakiri yake: alijua maji yanateremkia wapi, na aliyaacha kwa makusudi.

Hapo pana jambo ambalo watu wengi hulisahau. Aliyeonewa zaidi naye lazima atoe kitu. Nimewahi kusoma kuhusu Wakpelle wa Liberia, ambao mabaraza yao ya kifamilia yalielezwa na mwanaanthropolojia James Gibbs mwaka 1963. Kikao chao hufanyika nyumbani kwa mlalamikaji badala ya mahakamani, ndugu na majirani wakiwa wamekaa pamoja bila kugawanyika pande, na mzee hufungua kwa baraka. Mlalamikaji hutangulia kusema, na waliopo huruhusiwa kuuliza. Anayeonekana kukosa zaidi huomba radhi mbele ya wote na kutoa zawadi ndogo. Kisha yule aliyekosewa humrudishia zawadi iliyo ndogo zaidi, kuonyesha kwamba moyo wake ni mweupe. Gibbs aliona kwamba mahakama ikiamua magomvi ya mume na mke, wawili hao mara nyingi huondoka na uadui wao, kwa kuwa huko mmoja hushinda na mwingine hushindwa. Zawadi ile ya kurudisha humwondolea mshindi ushindi wake. Bibi yetu hakuwahi kusoma habari hizo, lakini alimwambia mkaza mjomba, "Na wewe mpe kitu." Akampa mtoto yule yule wa mwisho, akamwambia mama mkubwa, "Mpakate." Mama mkubwa akampakata mpaka tukaondoka.

Nikuonye kuhusu mipaka yake. Kama kati ya mama zako kuna aliyeinua mkono, au aliyetishia, usiwakalishe kikao cha radhi. Anayeogopa atasamehe ili aondoke salama, na huo si msamaha. Kama chini ya maneno kuna mpaka wa kiwanja au urithi, hilo litenganishwe na lipelekwe panapoamuliwa mambo hayo kwa vipimo na karatasi. Ukilichanganya na radhi, kila upande utaona radhi ni hila ya kupata shamba.

Utajuaje kama yamekwisha? Usitazame kikao. Kwenye kikao hata wasiosamehe husema "yamekwisha," na ninaogopa zaidi wale wanaolisema upesi bila kutaja walichokosa. Tazama wiki inayofuata. Nani ametangulia kumsalimia mwenzake watu wakiwepo? Mtoto ametumwa tena kuazima kitu? Kwetu mkaza mjomba alipitia mlangoni kwa mama mkubwa mchana, akasimama, akaomba ufagio. Ufagio ule ule. Nilikuwa dirishani. Mama mkubwa alimpa, akamsindikiza hadi mpakani, wakasimama pale wakizungumza mbele ya kila aliyepita.

Basi mtafute kwanza mtu ambaye wote wawili wanamwita wao, na mwende kwa mama mdogo kabla ya kwa mama yako, kwa sababu katika uliyoniandikia yeye ndiye aliyeingia ndani. Kuhusu watoto, usingoje kikao. Wape ruhusa wavuke kesho.

Niandikie neno la mwisho lilikuwa lipi, nikusaidie kufikiri litafutwaje.

Akupendaye,
shoga yako