Malalamiko kuhusu skrini iliyofika ikiwa imepasuka

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: SKRINI YA KOMPYUTA ILIYOFIKA IMEPASUKA NA OMBI LA KUBADILISHIWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Skrini ya inchi 27 niliyoagiza katika duka lenu la mtandaoni imenifikia leo asubuhi, lakini nasikitika kuwaarifu kwamba haifai kutumika.

Nilipoiwasha, doa jeusi lilionekana kwenye pembe ya chini kulia, na kutoka hapo mistari ya rangi ikapanda hadi juu. Kioo cha nje hakina hata mkwaruzo. Kilichopasuka ni paneli ya ndani. Pembe hiyohiyo ya boksi imebonyea, na nilipolifungua nilikuta povu gumu jeupe upande wa kushoto tu, huku upande wa kulia skrini ikiwa imegusana moja kwa moja na kadibodi. Kwa maoni yangu, boksi liliangukia pembe hiyo, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kupunguza kishindo, paneli ikabeba uzito wote. Kosa hilo ni la ufungaji, nami sina lalamiko lolote dhidi ya kijana aliyeniletea mzigo, ambaye alinihudumia kwa adabu.

Ni kweli kwamba nilitia saini ya kupokea. Hata hivyo, saini hiyo inathibitisha kwamba boksi lilikabidhiwa, wala haithibitishi hali ya kitu ambacho nilikuwa bado sijakifungua.

Naomba pia nisielekezwe kwa mtengenezaji, kwa sababu kwa kawaida dhamana yake hugharamia hitilafu za kiwandani na haihusu kifaa kilichopasuka kwa kugongwa. Vilevile, msafirishaji mlimchagua na kumlipa ninyi, kwa hiyo ninyi ndio mnaofaa kumdai fidia, na ningewashauri mfanye hivyo mapema kwa kuwa madai ya namna hiyo huwa na muda maalumu. Mimi nilinunua kwenu, na pesa yangu mnayo ninyi.

Nimeambatisha picha za lebo ya mzigo, boksi kutoka pande zote, sehemu isiyokuwa na povu, namba ya utambulisho iliyo nyuma ya skrini, na skrini yenyewe ikiwa imewashwa. Boksi na vyote vilivyokuwamo nimevihifadhi kama nilivyovikuta, endapo mtapenda kuvikagua.

Ninachoomba ni skrini nyingine ya aina hiyohiyo, iliyofungwa kwa povu pande zote mbili, na mtu wenu aje kuichukua hii mbovu kwa gharama yenu. Ikiwa aina hiyo imekwisha, nirudishiwe pesa yote pamoja na nauli ya mzigo niliyolipa. Skrini hii ndiyo ninayoitegemea kwa kazi, hivyo naomba mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 7, mkinieleza ni lipi kati ya hayo mawili mtakalolitekeleza na lini.

Wako mwaminifu,

Mnunuzi
(namba ya oda na ya simu zimo kwenye risiti iliyoambatishwa)