Chokaa kwenye tangi haimalizi floraidi

Mzee mmoja wa upande wa Njoro aliniletea chupa ya maji na maneno makali: kichujio changu cha mkaa wa mifupa ni wizi, chokaa ya hadware inafanya kazi ileile. Alikuwa amemwaga gramu 100 hivi kwenye tangi la lita 1,000, akaona unga mweupe umetuama chini. "Si hiyo ndiyo floraidi?"

Maji yake ya kisima yalikuwa na miligramu 6 za floraidi kwa lita. Baada ya chokaa, nilipima 5.4. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Nikachukua ule unga, nikadondoshea siki, ukatoa povu. Floraidi ya kalsiamu haitoi povu kwa siki, kabonati ndiyo hutoa. Visima vyetu vya Bonde la Ufa vina magadi mengi, na magadi ndiyo yaliyoinyakua kalsiamu ya ile chokaa.

Nilimwandikia hesabu nyuma ya risiti. CaF2 ndiyo floraidi ya kalsiamu, na Ksp yake ni kikomo cha zao la kalsiamu na mraba wa floraidi zinazoweza kubaki zimeyeyuka majini; kwenye nyuzi 25 ni karibu 3.5 × 10⁻¹¹. Zikiyeyuka moli s kwa lita, hutoa s ya kalsiamu na 2s ya floraidi:

Ksp = (s)(2s)² = 4s³

Wengi husahau kuipandisha ile 2 kwa mraba, wakapata jibu lisilofaa. Hapa s ni 2.06 × 10⁻⁴. Floraidi ni mara mbili yake, ukizidisha kwa 19, yaani gramu za moli moja ya floraidi, unapata miligramu 7.8 kwa lita. Yaani CaF2 ikijiyeyukia yenyewe kwenye maji safi huacha floraidi mara tano ya kikomo!

Kalsiamu ya ziada husaidia kweli, maana ni ioni ya pamoja: ikiwa nyingi majini, floraidi hulazimika kupungua ili zao lao lisizidi Ksp. Tuseme kalsiamu ni moli 0.01 kwa lita. Ile s ndogo haiongezi kitu juu ya 0.01, kwa hiyo:

[F⁻] = √(3.5 × 10⁻¹¹ ÷ 0.01) = 5.9 × 10⁻⁵

Hiyo ni miligramu 1.1. Inafaa, lakini kalsiamu hiyo ni miligramu 400 kwa lita. Kwa tangi lile ni gramu 740 za chokaa, bado hujalipa deni la magadi, na pH inapanda hadi 12 hivi. Mama aliyewahi kufanya hivyo aliniambia chai yake ilikuwa na ladha ya ukuta uliopakwa rangi jana.

Mkaa wa mifupa hunasa floraidi kwenye uso wake bila kujaza maji chokaa. Huchoka, ndiyo sababu nalipisha kipimo kila unaporudi. Njoo na nusu lita kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa maji hayohayo, na uniambie umeweka nini tangini.