Vijiko Vinne Tu, na Tumbo Limejaa

Mteja mmoja alikuja ofisini kwetu akiwa na miezi minane ya dayati ya kalori 900 kwa siku. Mwanzoni njaa ilimtesa, kisha ikapotea. Akadhani mwili umezoea. Kilichomleta ni choo: alikuwa anapata mara moja kwa siku tano, kigumu kama kokoto, na akila vijiko vinne vya uji anahisi kama katoka karamuni.

Mwili ukinyimwa kwa muda mrefu hubana matumizi. Homoni ya tezi inayoendesha kasi ya mwili hushuka, moyo hupiga polepole, na misuli ya tumbo na utumbo nayo hulegea. Kwa kawaida chakula kigumu huwa karibu chote kimeshatoka tumboni baada ya saa nne. Kwa aliyejinyima, cha asubuhi huweza kuwa bado kimo wakati wa mchana. Ukuta wa tumbo uliotanuka hupeleka taarifa ya shibe kwenye ubongo, nayo huifunika njaa hata pale grelini, homoni ya njaa, inapokuwa juu. Na aliyeipuuza njaa kila siku kwa miezi hufika mahali haitambui tena. Kwa hiyo kutosikia njaa si ushahidi kwamba umekula vya kutosha.

Huko chini, chakula kidogo huacha mabaki kidogo, utumbo mpana unayasukuma taratibu na kuendelea kuyanyonya maji. Ndipo kokoto.

Yeye alijitibu kwa pumba za ngano na bakuli kubwa la mboga mbichi. Kosa hili tunaliona sana. Nyuzinyuzi nyingi kwenye tumbo lililozubaa huongeza gesi na shibe, na chakula chenyewe kinakosa nafasi.

Tulimpangia milo sita midogo kwa siku, kila mmoja kwa saa yake, asikie njaa asisikie: vyakula laini, sehemu ya kalori kwenye maziwa na supu nzito, mboga zilizopikwa, na nyongeza ya kalori 100 hadi 150 kila baada ya siku chache. Baada ya kifungua kinywa alikaa chooni bila kukimbizana na saa, kwa sababu mlo huamsha utumbo mpana. Wiki ya kwanza alilalamika, tumbo lilivimba zaidi. Wiki ya tatu akatuambia, kwa mshangao kidogo, kwamba saa tano asubuhi tumbo lilinguruma. Choo kilifuata wiki iliyofuata.

Ambaye hajala karibu chochote kwa siku nyingi, au amekonda kupita kiasi, hatumwanzishii mpango huu. Akirudishiwa chakula haraka, fosfeti kwenye damu huweza kushuka ghafla na kuudhuru moyo, hivyo anaanzia hospitali kwa vipimo vya damu. Vilevile anayezimia, anayetapika mfululizo au anayeona damu kwenye choo.